Simu Inasema Novemba, Mtumaji Anasema Mei: kulinganisha lebo za kamera na maelezo ya picha

Ukuta wa darasa umeanguka usiku wa mvua, Januari 2023. Wiki mbili baadaye chumba cha habari kinapokea barua pepe yenye picha moja: ufa mpana unaoshuka kutoka kona ya dirisha hadi kwenye msingi wa ukuta uleule. Maelezo ya mtumaji ni mafupi. Picha ameipiga mwenyewe, tarehe 9 Mei 2022, kwa simu yake ya Samsung A52, akiwa amesimama karibu na ukuta, na hajaigusa tangu siku hiyo. Kama ni kweli, ufa ulikuwa wazi miezi minane kabla ya ukuta kuanguka, na kuna watu watakaopaswa kujieleza.

Kisa hiki tumekiunda kwa ajili ya makala hii, ila hatua tutakazopitia ndizo zinazotumika kazini kila siku. Tutakifuata hadi mwisho, kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo mtu anayeanza kusoma metadata, yaani taarifa zilizohifadhiwa ndani ya faili, hulikosa: lebo za faili mara chache humwambia mpokeaji kwamba picha ni ya kweli au ya uongo. Kinachoonekana kwa kawaida ni kwamba sehemu moja ya maelezo inasimama na nyingine haisimami.

Maelezo ya mtumaji huja kama kitu kimoja, lakini ndani yake mna madai kadhaa, na kila dai lina mahali pake pa kupimwa. “Kwa simu yangu ya A52” hupimwa kwenye lebo inayoitwa Model. “Tarehe 9 Mei” hupimwa kwenye lebo za tarehe, na pia kwenye lebo ya Software, ambayo wengi huipita bila kuitazama. “Nikiwa karibu na ukuta” hupimwa kwa lenzi. “Sijaigusa” hupimwa kwa Software pamoja na vile vipande vya faili ambavyo programu za kuhariri huviacha au huvipoteza. Yaandike madai hayo kwenye karatasi kabla hujafungua faili. Ukianza na lebo, utayasoma maelezo ya mtumaji kwa jicho la kutafuta kosa, na utalipata hata pale ambapo halipo.

## Kwanza, upate faili lenyewe

WhatsApp inapotuma picha kwa njia ya kawaida hutengeneza nakala mpya iliyobanwa, na lebo za kamera hazisafiri nayo. Kuchagua ubora wa HD hakubadilishi jambo hilo. Jina la faili nalo hubadilika. Kwenye Android huwa la namna ya `IMG-20230122-WA0007.jpg`, na tarehe iliyomo kwenye jina ni ya siku picha ilipopita WhatsApp, si siku ilipopigwa. Watu wamegombana sana juu ya tarehe hiyo bila sababu.

Kwa hiyo faili lisilo na lebo si ushahidi wa uongo. Ni faili lililopita njia fulani tu. Mwombe mtumaji alitume upya kwa barua pepe, au kwa WhatsApp kama hati: abonyeze alama ya kuambatisha, achague Document badala ya picha, kisha atafute faili. Mwenye iPhone ni rahisi zaidi akilihifadhi kwanza kwenye Files, halafu alitume kutoka huko. Telegram nayo ina chaguo la kutuma kama faili, na ndilo linalotakiwa.

Ukipokea faili lisilo na lebo yoyote ya kamera, lakini lina sehemu ya IPTC, ile ya maelezo ya picha za habari, iitwayo SpecialInstructions inayoanza na herufi FBMD, hiyo ni alama inayoachwa na Facebook. Picha ilipandishwa huko, kisha ikapakuliwa. Mtumaji aliyesema “imetoka moja kwa moja kwenye simu yangu” ana swali la kujibu. Lakini swali hilo lina jibu jepesi: huenda simu ilipotea na akapakua picha yake mwenyewe kutoka ukurasa wake. Muulize.

Faili likishafika, lisifunguliwe kwenye programu inayoweza kulihifadhi upya. Tengeneza nakala ya kufanyia kazi, na chukua alama ya `sha256sum` ya faili la kwanza, mfuatano wa herufi na namba unaobadilika faili likiguswa, uiandike pamoja na saa uliyolipokea. Likija kubishaniwa baadaye, utaweza kuonyesha kwamba ulichosoma ndicho ulichotumiwa.

## Kufungua lebo

Chombo kinachotegemewa ni ExifTool, programu ya bure ya Phil Harvey inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Amri ya kuanzia ni hii:

```
exiftool -a -G1 -s picha.jpg
```

Herufi `-a` inaonyesha hata lebo zinazojirudia, `-G1` inaonyesha kila lebo imetoka sehemu gani ya faili, na `-s` inatoa majina halisi ya lebo. Usiache `-G1`. Bila hiyo utachanganya tarehe iliyoandikwa na kamera na tarehe iliyoandikwa na kompyuta yako. Sehemu inayoitwa System, yenye FileModifyDate, inahusu kompyuta yako tu: mara nyingi ni saa uliyopakua kiambatisho. Kosa la kawaida kuliko yote ni kumwambia mtumaji “picha yako ni ya jana” kwa sababu wewe umeipakua jana.

Faili la mtumaji wetu, baada ya kuacha mistari isiyohusika, linasomeka hivi:

```
[IFD0]     Make              : samsung
[IFD0]     Model             : SM-A525F
[IFD0]     Software          : A525FXXU4CVJB
[IFD0]     ModifyDate        : 2022:05:09 10:14:37
[ExifIFD]  DateTimeOriginal  : 2022:05:09 10:14:37
[ExifIFD]  FNumber           : 1.8
[ExifIFD]  ExifImageWidth    : 4624
[ExifIFD]  ExifImageHeight   : 3468
[Samsung]  TimeStamp         : 2022:11:21 10:14:37+03:00
[Samsung]  MCCData           : Tanzania (640)
```

Kwa haraka haraka kila kitu kinaonekana sawa. Simu ni A52, tarehe ni 9 Mei, na jina la faili, `20220509_101437.jpg`, linakubaliana na tarehe hiyo. Wengi wangeishia hapo.

## Modeli: jina la sokoni na jina la kiwandani

Samsung haikuandika “Galaxy A52” kwenye faili hili, imeandika namba ya kiwandani. SM-A525F ni A52 ya 4G. A52 ya 5G huwa SM-A526B, na A52s ni SM-A528B. Dukani na mitaani zote tatu huitwa A52, kwa hiyo kama mtumaji angesema A52 na lebo ikasema SM-A528B, usingekuwa na hoja yoyote. Tofauti ya namna hiyo ni ya lugha ya watu, haihusiani na ukweli wa picha.

Modeli inapokuwa na nguvu ni pale inapogongana na kalenda. A52 ilitangazwa Machi 2021. Mtu akisema picha yake ni ya Desemba 2020, lebo hii peke yake inatosha kulikataa dai la tarehe au dai la simu. iPhone 14 iliingia sokoni Septemba 2022, kwa hiyo picha yenye jina hilo haiwezi kuwa ya uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2022, hata ikionyesha foleni ya wapiga kura na mabango ya wagombea. Hapa dai letu la Mei 2022 linapita: simu ilikuwepo sokoni.

Modeli inapogongana na maelezo ya umiliki, enda polepole. “Simu yangu” inaweza kuwa simu ya mke, ya mtoto, ya kazini, au ile aliyoiuza mwaka uliofuata. Mtu akihamisha picha zake kutoka simu ya zamani kwenda mpya, faili linabaki na modeli ya zamani, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Swali zuri ni “siku ile ulikuwa unatumia simu gani?” Ukiuliza “mbona hapa pameandikwa simu nyingine?”, umeshampa jibu la kukurudishia.

## Programu: sakafu ipo, dari haipo

Hapa ndipo kisa chetu kinapogeuka. Lebo ya Software kwenye simu nyingi za Samsung hubeba namba kamili ya toleo la mfumo uliokuwa ndani ya simu picha ilipopigwa, na namba hiyo ina tarehe ndani yake.

Chukua A525FXXU4CVJB uisome kutoka nyuma. Herufi ya mwisho, B, ni namba ya marudio ya toleo ndani ya mwezi husika. Inayoitangulia, J, ni mwezi: A ni Januari, B ni Februari, na kuendelea hadi L ambayo ni Desemba. J ni ya kumi, yaani Oktoba. Kabla yake kuna V, nayo ni mwaka: T ni 2020, U ni 2021, V ni 2022, W ni 2023, X ni 2024. Kwa hiyo mfumo huu ulitengenezwa Oktoba 2022. Mwanzoni mwa namba kuna A525F, ambayo ni modeli ileile tuliyoiona juu, na hilo nalo ni jambo la kukagua: mtu aliyebadilisha lebo ya Model peke yake husahau kwamba jina la simu limejirudia humu.

Picha haiwezi kubeba mfumo ambao haujatengenezwa. Kwa hiyo tarehe 9 Mei 2022 haiwezekani kuwa siku ambayo faili hili liliandikwa na simu hii ikiwa na mfumo huu. Oktoba 2022 ndiyo sakafu. Picha inaweza kuwa ya Oktoba au ya baadaye, kwa maana toleo lililotengenezwa Oktoba linaweza kumfikia mtumiaji wiki au miezi kadhaa mbele, kutegemea nchi na kutegemea kama ana bando la kupakua sasisho.

Sakafu hiyo haina dari. Mfumo wa zamani hauthibitishi picha ya zamani. Simu nyingi hukaa mwaka mzima, hata miwili, bila kusasishwa, na picha iliyopigwa leo asubuhi itabeba namba ya toleo la mwaka juzi. Mtu akituma picha akisema “ni ya jana” na Software ikaonyesha toleo la miaka miwili iliyopita, huna hoja bado. Mwombe apige picha nyingine sasa hivi kwa simu ileile, ya kitu chochote, aitume kama hati. Toleo likiwa lilelile, dai lake halijavunjika. Toleo likiwa jipya zaidi, muulize alisasisha simu lini, na umwombe picha ya skrini ya ukurasa wa taarifa za programu kwenye mipangilio. Kama hajasasisha tangu jana, picha ya kwanza si ya jana.

Kwenye iPhone lebo ya Software ni fupi: namba ya iOS tu, kwa mfano 16.1. Kanuni ni ileile. iOS 15 ilitolewa Septemba 20, 2021, iOS 16 Septemba 12, 2022, na 16.1 Oktoba 24, 2022. Picha yenye 16.1 inayodaiwa kuwa ya Juni mwaka huo haisimami. Tofauti moja ya kukumbuka ni kwamba matoleo ya majaribio hutoka wiki kadhaa kabla, na baadhi ya watu huyatumia, kwa hiyo pengo la wiki chache lisikufanye utoe hukumu.

Simu nyingi zenye chipu ya MediaTek, na hizo ni nyingi kwenye masoko yetu, huandika tu `MediaTek Camera Application`. Hapo hakuna tarehe ya kusoma, na usilazimishe. Picha zilizopitia kamera ya Google huandika maneno yanayoanza na `HDR+`, na kwa kuwa kamera hiyo watu huipachika kwenye simu za kampuni nyingine, HDR+ kwenye simu isiyo Pixel si dalili mbaya.

Halafu kuna Adobe Lightroom, Photoshop, Snapseed, GIMP na nyinginezo. Programu ya kuhariri inapohifadhi picha, mara nyingi hufuta kilichokuwemo kwenye Software na kuandika jina lake. Hilo lina maana mbili. Kwanza, sakafu tuliyoizungumzia ni ya mwandishi wa mwisho wa faili: Photoshop ya 2023 kwenye picha ya 2019 haisemi picha ni ya 2023, inasema ilihifadhiwa na Photoshop hiyo. Pili, jina la programu ya kuhariri linagusa dai moja tu, lile la “sijaigusa”. Mpiga picha wa habari hupitisha kila picha Lightroom kurekebisha mwanga na kuandika maelezo. Kwake Lightroom kwenye lebo ni jambo la kawaida kabisa. Kwa mtu aliyesema faili limetoka kwenye simu bila kuguswa, ni swali.

Kwenye faili letu Software si jina la programu ya kuhariri, ni mfumo wa simu. Na ModifyDate iko sawa na DateTimeOriginal hadi sekunde. Kwa muonekano huo faili linajieleza kama lililotoka kwenye kamera moja kwa moja. Ndiyo sababu mgongano wa Mei na Oktoba una uzito.

## Lenzi: mtu alisimama wapi

Simu ya leo ina kamera tatu au nne, na lebo inaweza kukuambia ni ipi iliyotumika. iPhone huandika waziwazi kwenye LensModel: `iPhone 11 back dual wide camera 4.25mm f/1.8` ni kamera kuu ya nyuma, na ile ya mbele huandikwa `front camera`. Mtu anayesema alipiga tukio lililokuwa mbele yake kwa kamera ya nyuma, na lebo ikasema ya mbele, ana jambo la kueleza.

Samsung mara nyingi haiandiki LensModel kabisa, na hapo unasoma kwa njia ya pembeni. Kamera kuu ya A52 ina tundu la lenzi la f/1.8, lile linaloandikwa kwenye FNumber, na hutoa picha za pikseli 4624 kwa 3468. Ile ya upana mkubwa ina f/2.2 na hutoa 4000 kwa 3000. Ya vitu vidogo ina f/2.4 na picha zake ni za megapikseli 5 tu. Faili letu lina 1.8 na 4624 kwa 3468: kamera kuu, fremu nzima, haikukatwa. Ufa unaonekana vizuri na mstari wa dirisha unajaza sehemu kubwa ya fremu, jambo linaloendana na mtu aliyesimama hatua chache kutoka ukutani. Dai la mahali linasimama.

Lenzi inakuwa na faida kubwa zaidi pale umbali unapokuwa sehemu ya ugomvi, na hesabu yake ni ndogo. Tafuta FocalLengthIn35mmFormat. Kwa picha ya simu iliyolala, yenye uwiano wa 4 kwa 3, chukulia urefu wa fremu kuwa milimita 26. Kwa kamera kubwa yenye uwiano wa 3 kwa 2, chukulia 24. Kisha:

```
umbali = urefu halisi × lenzi ÷ urefu wa kitu kwenye fremu
```

Tuseme picha ya iPhone 11 ina lenzi ya milimita 26, na mtu mwenye urefu wa mita 1.7 anachukua robo ya urefu wa picha. Robo ya 26 ni 6.5. Ukizidisha 1.7 kwa 26, ukagawa kwa 6.5, unapata mita 6.8. Mpigaji alikuwa mita saba hivi kutoka kwa mtu yule. Kama anasema alikuwa ng'ambo ya barabara, mita 50, basi mtu huyo angechukua chini ya milimita moja ya fremu, yaani sehemu moja kati ya 29 hivi ya urefu wa picha. Tofauti kati ya robo na sehemu ya 29 inaonekana hata bila rula. Kinyume chake ni kamera yenye lenzi ya milimita 300: mtu akichukua robo ya fremu yake, umbali ni mita 85, na mpigaji huyo hawezi kusema alisikia walichokuwa wanaongea.

Hesabu hii huharibiwa na mambo mawili. Picha ikikatwa, kitu huonekana kikubwa kuliko kilivyokuwa, kwa hiyo kagua kwanza kama vipimo ni vya fremu nzima. iPhone 11 hutoa 4032 kwa 3024. Na mtu akivuta kwa vidole, yaani zumu ya kidijitali, FocalLength hubaki ileile 4.25 huku FocalLengthIn35mmFormat ikipanda, na mara nyingi DigitalZoomRatio hujitokeza. Tumia ile ya 35mm, ndiyo inayofuata kile kilichoonekana. Na majibu yake yachukue kama makadirio: saba au nane ni sawa, saba au hamsini si sawa.

Kwa kamera kubwa, tofautisha LensModel na LensID. LensModel iliingia kwenye EXIF, kiwango kinachopanga lebo za kamera ndani ya picha, toleo 2.3, mwaka 2010, na ni maandishi ya kamera yenyewe. LensID ni ya ExifTool, inayokisia kutoka kwenye namba ya siri ya mtengenezaji, na lenzi mbili za kampuni tofauti zinaweza kuwa na namba moja. Ukiona ExifTool imeandika lenzi mbili zenye neno `or` katikati, usimnyooshee kidole mtumaji kwa kuwa alitaja ya pili.

## Mkia wa faili

Turudi kwenye mistari miwili ya mwisho, ile yenye sehemu ya Samsung. Simu za Samsung huongeza data baada ya mwisho wa picha, nje ya EXIF. Humo mna TimeStamp, muda wa picha uliohesabiwa kwa milisekunde, na mara nyingi MCCData, namba ya nchi ya mtandao wa simu: 640 ni Tanzania, 639 Kenya, 641 Uganda, 635 Rwanda, 642 Burundi, 630 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. ExifTool huonyesha TimeStamp kwa majira ya kompyuta inayosoma, kwa hiyo hakikisha kompyuta yako iko kwenye majira unayoyategemea kabla ya kulinganisha saa.

Mkia huu ukikosekana, si kitu. Programu nyingi za kuhariri huutupa. Lakini ukiwepo ni shahidi ambaye anayebadilisha tarehe kwa kawaida hamjui. Kwenye faili letu mkia unasema 21 Novemba 2022, saa 4 na dakika 14 asubuhi. Saa, dakika na sekunde ni zilezile za DateTimeOriginal. Siku na mwezi tu ndivyo vinavyotofautiana.

Hapo maelezo mengine mengi yanafungwa. Kama saa ya simu ingekuwa imerudishwa nyuma siku ya kupiga, mkia nao ungesema Mei, kwa sababu unachukua saa ileile ya simu. Kama faili lingekuwa la Mei na likahaririwa Novemba, Software ingekuwa na sababu ya kuwa mpya, lakini isingetarajiwa ModifyDate kubaki Mei wala sekunde kulingana hivyo. Kinachoelezea mistari yote kwa pamoja ni hiki: picha ilipigwa 21 Novemba 2022, kwa A52, kwenye mtandao wa Tanzania, kisha lebo za tarehe ndani ya EXIF zikaandikwa upya na jina la faili likabadilishwa lifanane nazo.

Nani alifanya hivyo, faili halisemi. Kubadili tarehe hakuhitaji utaalamu wowote. Galeri ya Samsung yenyewe ina sehemu ya kuhariri tarehe ya picha, na kwa ExifTool ni amri moja. Lebo yoyote kati ya hizi inaweza kuandikwa upya, pamoja na Model na LensModel. Ugumu uko kwenye kuziandika zote zikubaliane: mfumo, mkia, vipimo, picha ndogo iliyofichwa ndani ya faili kwa ajili ya galeri. Ndiyo maana kulingana kwa lebo zote hakuthibitishi maelezo, bali kunayaacha yakiwa hayajavunjika, ilhali mgongano mmoja ulio wazi unaweza kuvunja dai moja kabisa.

## Kumwandikia mtumaji

Usimtumie orodha ya lebo. Akishaiona, majibu yake yote yatatengenezwa kuifuata. Ujumbe wa namna hii unatosha:

“Ndugu, asante kwa picha. Tunaifanyia kazi. Tunaomba utusaidie mambo matatu: picha nyingine mbili ulizopiga siku hiyohiyo, iliyotangulia na iliyofuata, picha yoyote uliyopiga kwa simu hiyo mwezi Mei 2022, na picha moja uipige leo. Zote utume kama hati au kwa barua pepe. Pia tuambie, picha hii ilikaa kwenye simu hiyo muda wote au iliwahi kuhamishwa?”

Kila ombi lina kazi yake. Picha ya leo inakupa mfano halali wa simu hiyo, ili ujue inaandika lebo gani na kama inaweka mkia. Picha ya Mei 2022 inapaswa kubeba mfumo wa kabla ya Oktoba. Ikiwa na toleo ambalo, kabla ya herufi ya mwisho, lina V ikifuatwa na D au E, yaani Aprili au Mei, umepata kipimo kinachotoka kwenye mfuko wa mtumaji mwenyewe. Picha za jirani zinaonyesha ratiba halisi ya siku ile, na huwa ngumu kutengeneza baada ya tukio.

Majibu yakija na picha za jirani zikawa za Novemba, rekodi ya kesi inaandikwa hivi: simu imethibitika kuwa A52, mahali panaendana na lenzi, nchi inaendana na mtandao, tarehe ya Mei imekataliwa na toleo la mfumo pamoja na mkia wa faili, tarehe inayokubalika ni 21 Novemba 2022. Picha haitupwi. Ufa ulikuwepo miezi miwili kabla ya ukuta kuanguka, na hilo bado ni habari. Kinachoondolewa kwenye makala ni neno “Mei”, na kinachoongezwa kwenye maswali ya mwandishi ni kwa nini mtu alihitaji ufa huo uwe wa Mei: je, kuna mkaguzi aliyepita shuleni katikati ya miezi hiyo, mkandarasi aliyebadilishwa, au barua ya malalamiko yenye tarehe ambayo picha hii ilitakiwa kuiunga mkono?